Katiba ya Jumuiya ya Wakulima wa Mwani, Shehia ya Kiuyu Mbuyuni, Wilaya ya Micheweni, Pemba: Sehemu ya Tatu (Uanachama) na Sehemu ya Nne (Nidhamu na Kufukuzwa)

Maandishi yaliyoandikwa "Ufafanuzi" ni maelezo ya kamati ya uandishi. Yanaeleza kusudio la kifungu. Yakikhitilafiana na kifungu chenyewe, kifungu ndicho kinachofuatwa.

SEHEMU YA TATU: UANACHAMA

9. Anayeweza kuwa mwanachama

(1) Mtu yeyote aliyetimiza miaka 18 anaweza kuomba uanachama ikiwa ni mkaazi wa Shehia ya Kiuyu Mbuyuni au analima mwani katika pwani ya shehia hii, hata kama anaishi shehia nyengine.

(2) Mwombaji hatakataliwa kwa sababu ya chama cha siasa anachokiunga mkono, asili ya wazazi wake, ulemavu, au kwa kuwa ameolewa, ameachwa au ni mjane.

10. Kuomba na kujibiwa

(1) Maombi yanapelekwa kwa Katibu kwa maandishi. Asiyejua kuandika atamueleza Katibu, Katibu ataandika na kumsomea, kisha mwombaji atatia dole gumba.

(2) Kamati Tendaji itajibu ndani ya siku 30. Siku hizo zikipita bila jibu, mwombaji atahesabika amekubaliwa, na Mshika Fedha atapokea kiingilio chake.

(3) Jibu la kukataa litataja sababu. Aliyekataliwa anaweza kupeleka ombi lake kwenye Mkutano Mkuu unaofuata, na uamuzi wa hapo, kwa wingi wa kura, ndio wa mwisho.

*Ufafanuzi:* Ombi kukaa mfukoni mwa kiongozi ni njia ya kumkatalia mtu bila ya kumwambia. Kifungu cha 10(2) kimeiziba njia hiyo.

11. Kiingilio na ada

Kiingilio ni shilingi 5,000 na ada ni shilingi 1,000 kwa mwezi. Kila malipo yatatolewa stakabadhi. Uanachama unaanza siku jina linapoandikwa katika Daftari la Wanachama, si siku ya kupewa kadi.

12. Kuchelewa ada

(1) Anayedaiwa ada ya miezi 3 hatapiga kura mpaka alipe. Haki zake nyengine zinabaki.

(2) Anayedaiwa ada ya miezi 6 atapelekewa ilani ya siku 30. Asipolipa wala kukubaliana na Mshika Fedha namna ya kulipa, jina lake litatolewa katika Daftari. Huku si kufukuzwa. Atarejea wakati wowote kwa kulipa deni lake, bila ya kiingilio kipya.

(3) Ada haihesabiwi kwa mwanachama aliyelazwa hospitali, aliyejifungua, kwa miezi 3, wala aliye katika eda, kwa muda wote wa eda yake.

13. Kujitoa

Mwanachama anaweza kujitoa kwa barua. Deni lake na akiba yake havifutiki kwa kujitoa. Akijitoa wakati shauri lake la nidhamu limeshafunguliwa, shauri linasita, lakini Daftari litaandika kwamba alijitoa kabla ya uamuzi, na akiomba kurudi shauri litaendelea lilipoishia.

SEHEMU YA NNE: NIDHAMU NA KUFUKUZWA

14. Makosa yanayoweza kumfukuzisha mwanachama

(1) Mwanachama anaweza kufukuzwa kwa makosa haya tu:

(a) kuiba mwani, kamba, vigingi au chombo cha mwanachama mwengine au cha Jumuiya;

(b) kutumia fedha za Jumuiya kwa shughuli zake, au kughushi stakabadhi, hesabu au Daftari;

(c) kumpiga mtu, au kutishia kumpiga, katika mkutano au katika kazi za Jumuiya pwani;

(d) kufanya kitendo cha udhalilishaji dhidi ya mwanachama au mtoto katika shughuli za Jumuiya;

(e) kutia mchanga, mawe au mwani mbichi katika gunia linalouzwa kwa jina la Jumuiya, baada ya kuwa ameshapewa onyo la maandishi kwa kosa hilo hilo ndani ya miezi 12 iliyopita.

(2) Si kosa kwa mwanachama kuwakosoa viongozi, kudai kuonyeshwa hesabu, kugombea nafasi, kupeleka malalamiko kwa Sheha, Polisi, Mrajis au mahakamani, wala kuwa na msimamo wake wa siasa.

*Ufafanuzi:* Katiba ya zamani ilisema mwanachama atafukuzwa kwa "utovu wa nidhamu" au kwa "kuichafua Jumuiya". Maneno hayo tumeyatoa kwa makusudi. Hayana mpaka: mwenye kuuliza fedha za magunia zimekwenda wapi naye ataambiwa ameichafua Jumuiya, na mwaka wa uchaguzi kila mtu anamuona mwenzake mtovu wa nidhamu. Kosa ambalo halimo katika orodha, hata likitukera namna gani, adhabu yake haizidi onyo. Wakitaka wanachama liingie, warekebishe katiba kwanza, na marekebisho hayo hayarudi nyuma kumkamata aliyekwisha kulitenda.

15. Kamati ya Nidhamu

(1) Mkutano Mkuu utachagua wajumbe 5 na wa akiba 3 kwa miaka 2. Wanawake hawatapungua 3 kati ya wale 5. Mjumbe wa Kamati Tendaji hawezi kuwa mjumbe wa Kamati ya Nidhamu.

(2) Mjumbe atakaa pembeni, na wa akiba ataingia, ikiwa yeye ndiye mlalamikaji, ni shahidi, anadaiana na mmoja wa wahusika, au ni mume, mke, mke mwenza, mzazi, mtoto, mkwe, au ndugu wa baba mmoja au mama mmoja wa mlalamikaji au mlalamikiwa.

(3) Shauri linasikilizwa na wajumbe wasiopungua 4.

*Ufafanuzi:* Wapo waliotaka binamu nao watajwe. Kiuyu ukiwatoa mabinamu wote hutabaki na mtu wa kusikiliza. Tumeishia kwenye jamaa wa karibu, na tumemuongeza mke mwenza kwa sababu kila mmoja kwenye kikao alicheka na hakuna aliyepinga.

16. Kufungua shauri

(1) Lalamiko litaandikwa au kuandikishwa kwa Katibu ndani ya siku 60 tangu kosa kujulikana, likitaja nani, nini, wapi na lini. Katibu akiwa ndiye mlalamikiwa, litapelekwa kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Nidhamu.

(2) Lalamiko lisilo na jina la mlalamikaji halifungui shauri.

(3) Kwa makosa ya 14(1)(a) na (e), wahusika wataulizwa kwanza kama wako tayari kwa sulhu. Sulhu ikiandikwa na kutiwa saini na pande mbili, shauri limekwisha. Kosa la 14(1)(d) halina sulhu ndani ya Jumuiya, na Katibu atalifikisha Polisi bila ya kusubiri Kamati.

17. Ilani kwa mlalamikiwa

(1) Mlalamikiwa atapewa ilani ya maandishi si chini ya siku 14 kabla ya kusikilizwa. Ilani itataja kifungu anachotuhumiwa, maelezo ya tukio, majina ya mashahidi, siku, saa na mahali pa kikao, na haki zake za kifungu cha 18. Nakala za karatasi zitakazotumika dhidi yake zitaambatanishwa.

(2) Ilani inakabidhiwa mkononi, naye atatia saini au dole gumba. Asipopatikana baada ya kuendewa nyumbani mara 2 kwa siku tofauti, itakabidhiwa kwa mtu mzima wa nyumba hiyo mbele ya shahidi. Asiyejua kusoma atasomewa mbele ya mtu anayemtaka yeye. Ujumbe wa WhatsApp au tangazo la ubaoni havitoshi kuwa ilani.

(3) Siku ya kupokea ilani haihesabiwi. Ilani ikipokewa tarehe 3, siku ya kwanza ni tarehe 4, na kikao hakiwezi kuwa kabla ya tarehe 18. Siku ya mwisho ikiangukia Ijumaa au sikukuu, inasogea siku moja mbele.

(4) Siku zinasimama kuhesabiwa katika mwezi wa Ramadhani, na kwa mlalamikiwa aliyelazwa au aliye katika eda.

(5) Kikao hakiitishwi siku za bamvua, kwa kuwa maji yakitoka wakulima wako pwani. Kitaitishwa siku za maji mafu.

18. Kusikilizwa

(1) Mlalamikiwa ana haki ya kuyasikia yote yanayosemwa dhidi yake, kuwauliza maswali mashahidi, kuleta mashahidi wake, na kufuatana na mwanachama mmoja wa kumsemea.

(2) Maneno ya kusikia mtaani si ushahidi. Anayeeleza wizi aeleze alichokiona yeye mwenyewe.

(3) Asipofika bila ya udhuru, kikao kitaahirishwa mara moja tu, kwa siku 7. Asipofika tena, shauri litasikilizwa bila yeye, lakini kutofika kwake hakuhesabiwi kuwa kukiri.

(4) Katibu wa kikao ataandika muhtasari na kuusoma kabla ya watu kuondoka.

19. Kusimamishwa kwa muda

Kamati ya Nidhamu inaweza kumsimamisha mlalamikiwa kabla ya kusikilizwa ikiwa tu kuna hatari kwa fedha za Jumuiya au kwa usalama wa mtu. Kusimamishwa huko hakuzidi siku 21 na hakumzuii kuhudumia shamba lake la mwani wala kutumia chanja za kukaushia.

20. Uamuzi na adhabu

(1) Kamati itatoa uamuzi wa maandishi wenye sababu ndani ya siku 7 baada ya kusikiliza. Adhabu ni onyo, kulipa hasara iliyothibitishwa, kusimamishwa kusikozidi siku 90, au kufukuzwa. Kufukuzwa kunahitaji kura za wajumbe wasiopungua 4.

(2) Adhabu ya kufukuzwa haianzi mpaka muda wa rufaa upite au rufaa iamuliwe.

21. Rufaa

(1) Rufaa inakatwa kwa Mkutano Mkuu ndani ya siku 21 tangu kupokea uamuzi. Mwenyekiti atauitisha mkutano ndani ya siku 30. Asipouitisha, adhabu ya kufukuzwa inafutika.

(2) Akidi ni nusu ya wanachama wenye haki ya kupiga kura. Isipotimia, mkutano utaitishwa tena ndani ya siku 21, na akidi itakuwa theluthi moja. Ikikosekana tena, adhabu inageuka kuwa kusimamishwa kwa siku 90.

(3) Swali la kura ni moja: "Je, afukuzwe?" Kura ni ya siri. Mlalamikaji, mlalamikiwa na wajumbe waliosikiliza shauri hawapigi kura.

(4) Kufukuzwa kunathibitishwa kwa theluthi mbili ya kura halali. Kura zilizoharibika hazihesabiwi, na sehemu ya kura inapandishwa kuwa kura nzima. Mfano: waliopiga ni 45, zilizoharibika 2, halali ni 43. Theluthi mbili ni 28 na ushei, kwa hiyo zinahitajika 29.

(5) Kura zisipotimia, Mkutano unaweza kutoa adhabu ndogo kwa wingi wa kura.

22. Haki za aliyefukuzwa

(1) Atalipwa akiba yake ndani ya siku 30, ikitolewa deni lenye stakabadhi tu.

(2) Mwani ulioko baharini ni wake. Atapewa siku 60 kuuvuna na kung'oa kamba na vigingi vyake. Mwani unachukua kiasi cha wiki 6 kukomaa, kwa hiyo hata aliyepanda jana atavuna.

(3) Kufukuzwa kwake kutaandikwa katika Daftari. Hakutatangazwa kwa kipaza sauti, msikitini wala katika kundi la simu.

(4) Anaweza kuomba upya baada ya miezi 12. Hakuna kifungu cha katiba hii kinachomzuia kwenda mahakamani.

23. Kasoro za utaratibu

Ilani isiyotimiza kifungu cha 17, au kikao kilichokaliwa na mjumbe aliyepaswa kukaa pembeni, kinabatilisha uamuzi. Shauri linaweza kuanzwa upya mara moja tu. Kosa la tahajia au la jina lililoandikwa vibaya, ambalo halikumpoteza mtu, halibatilishi kitu.

24. Mashauri ya zamani

Shauri ambalo halijaamuliwa siku katiba hii inapopitishwa litaendelea kwa utaratibu huu. Aliyefukuzwa kwa katiba ya zamani bila ya kusikilizwa anaweza, ndani ya miezi 6, kuomba shauri lake lisikilizwe upya na Kamati ya Nidhamu, na hatatozwa ada ya muda aliokuwa nje.