Utaratibu mpya wa oda kwenye kundi hili: tafadhali someni wote

Habari zenu wafanyabiashara wenzangu. Kuanzia Jumatatu oda zote zitaandikwa kwa mtindo mmoja. Mtu akiandika "na mimi 6 kama zake", mimi ninayefunga mzigo sijui ni vipande 6, dazani 6 au katoni 6, wala hizo "zake" ni za nani, maana hapo katikati wameshaongea watu wengine.

Kila duka litumie herufi na namba niliyolipatia. Oda iwe ujumbe mmoja, bidhaa moja kwa kila mstari, hivi:

*D4 – ODA MPYA*
Ndoo lita 20, nyekundu: dazani 2 (vipande 24)
Sabuni ya unga gramu 500: katoni 3
Kuchukua: Alhamisi, saa 4 asubuhi
Malipo: bado

Nitaujibu ujumbe huohuo: "ODA 27, imepokelewa." Kabla hujaona namba, oda haijaingia daftarini. Dole gumba si oda, na ujumbe wa sauti pia sitauhesabu, kwa sababu nikiwa ghalani siwezi kuurudiarudia nikitafuta ulisema rangi gani. Saa nayo iandikwe na asubuhi, mchana, jioni au usiku. Kuna wanaosoma saa 4 kama simu inavyoionyesha, 4:00, wakati mwenzao anamaanisha 10:00.

Ukibadili mawazo, usihariri ujumbe wa kwanza. Huenda nimeshaunakili, na mabadiliko yako nisiyaone. Jibu ujumbe wako, uandike:

*D4 – BADILISHO, ODA 27*
Ndoo nyekundu: dazani 1 badala ya 2
Sabuni: ileile

Kuacha kabisa, andika FUTA na namba ya oda. Mzigo ukishafungwa tutaongea kwa simu, si hapa.

Malipo ndiyo yanayotugombanisha zaidi. Ukituma pesa, taja oda, kiasi kwa tarakimu, herufi 4 za mwisho za namba ya muamala, na jina lililotokea kama simu iliyotuma si yako. Pesa moja ikilipia oda mbili, gawanya mwenyewe: kiasi gani ODA 27, kiasi gani ODA 28. Mimi sitakisia. Picha ya skrini peke yake haitoshi, na ukiiweka ficha salio lako, kundi zima linaliona.

Nikihakiki pesa kwenye simu ya kundi nitaandika IMELIPWA au IMEBAKI na kiasi. Mzigo ukitoka, IMETOKA. Maneno hayo matatu nitayaandika mimi au msaidizi wangu tu. Mwingine asiyatumie hata kwa utani.

Salamu, matangazo na maswali ya bei vipelekwe kundi la maongezi.

Oda ambazo hazijafungwa ni 21, 22 na 26. Ya 26 imelipwa, iacheni. Wenye 21 na 22 ziandikeni upya kwa mtindo huu kabla ya Jumapili saa 12 jioni.