Ujumbe wa Kusubiri, Laini ya Kiswahili: Faiba Imekatika Barabara ya Masaka

Kwa msomaji: soma taratibu, kama unaongea na mtu aliyesimama mbele yako kaunta. Usichangamke kupita kiasi, anayesikiliza ana shida. Rekodi hii itumike leo Jumanne hadi mafundi watakapothibitisha kwamba njia imerudi.

[Mara simu inapoingia kwenye foleni]

Habari za asubuhi, ssebo. Habari za asubuhi, nnyabo. Umefika huduma kwa wateja, laini ya Kiswahili. Wahudumu wetu wote wako kwenye simu, na leo foleni ni ndefu kuliko kawaida. Simu hii ni bure, haigusi salio lako. Tafadhali usikate ukapiga upya, maana ukirudi utaanzia mwisho wa foleni. Weka spika, endelea na shughuli zako. Mhudumu akipokea utasikia mlio mara mbili, kisha atakusalimu.

Kama ni ajali, moto au uhalifu, usitusubiri sisi. Kata sasa hivi upige 999 au 112.

[Muziki wa adungu, sekunde 20]

Ikiwa unapiga kutoka Masaka, Lyantonde, Mbarara, Isingiro, Ntungamo au Kabale, huenda tatizo lako tunalijua tayari. Asubuhi ya leo, katapila lililokuwa likichimba mtaro kati ya Lukaya na Masaka limekata waya wetu wa faiba. Minara haijaanguka na simu yako haijaharibika. Simu na intaneti za huko sasa zinapitia njia ya Mubende na Fort Portal, ambayo ni nyembamba, ndiyo sababu meseji zinachelewa, intaneti inavuta, na simu nyingine zinakatika katikati ya mazungumzo.

Mafundi wako pale shimoni tangu saa mbili. Ndani ya waya huo mna nyuzi nyingi za kioo, nyembamba kama unywele, na kila uzi unaungwa peke yake kwa mashine ya joto, kisha unapimwa kama mwanga unapita. Kazi hiyo haiharakishwi. Wanatarajia kumaliza kabla ya saa kumi na moja jioni. Wakichelewa, tutabadilisha rekodi hii. Hatutaiacha iendelee kukutajia saa iliyokwisha kupita.

Kama ulikuwa na bando la siku katika wilaya hizo, tutakuongezea saa 24. Huna haja ya kuomba, na kwa hilo tu huna haja ya kuendelea kusubiri hapa.

[Muziki, sekunde 15]

Sasa tuje kwenye pesa, maana wengi mnaopiga leo mnauliza pesa.

Umetuma, salio limepungua, na mpokeaji anasema hajaona meseji. Pesa haijapotea. Hesabu ya pesa iko kwenye mitambo yetu, haiko kwenye meseji; meseji ni taarifa tu, na leo taarifa ndiyo inayochelewa. Tunakuomba jambo moja: usitume mara ya pili. Asubuhi hii wateja wametuma karo ya shule mara mbili, wengine wamemlipa mwenye duka mara mbili, kisha meseji zote mbili zikafika kwa pamoja. Mwambie mpokeaji aangalie salio lake kwenye menyu ya pesa ya simu, asingoje meseji. Wewe nawe fungua menyu hiyo hiyo uangalie miamala yako ya mwisho. Ukiuona muamala pale, umepita.

Kama uko kwa wakala na unatoa pesa, usiondoke na wala usirudie kuingiza namba ya siri mpaka nyote wawili mmeangalia salio. Wakala naye ana wasiwasi wake, mvumilie.

Kama umetuma kwa namba isiyo yake, hapo baki kwenye laini. Mhudumu ataomba kuizuia pesa hiyo, na itawezekana ikiwa aliyeipokea hajaitoa. Andaa namba ya muamala, kiasi, na namba uliyokusudia.

Na mnaouliza kwa nini mmekatwa zaidi ya ada yetu mlipotoa pesa: ule ni ushuru wa serikali, asilimia 0.5 ya kiasi unachotoa. Ukitoa shilingi 100,000, ushuru ni shilingi 500. Kuweka na kutuma hakuna ushuru huo.

[Muziki, sekunde 20. Sehemu inayofuata isomwe kwa uzito.]

Siku kama ya leo matapeli nao wako kazini. Mtu anakupigia kwa namba ya kawaida, anakuita kwa jina lako, anasema: "Mama, nimekutumia elfu themanini kimakosa, mtandao ni mbaya, nirudishie tafadhali, mtoto yuko hospitali." Meseji unaiona kweli, imeandikwa vizuri, lakini imetoka kwenye namba ya mtu. Usibishane naye. Angalia salio lako. Kama halijaongezeka, hakuna pesa iliyoingia. Na hata kama limeongezeka, usirudishe kwa mkono wako. Mwambie atupigie sisi.

Mwingine atajiita mfanyakazi wetu, atasema laini yako itafungwa kwa sababu ya hitilafu ya Masaka, umtajie namba ya siri aitengeneze. Hatufungi laini ya mtu kwa sababu waya umekatika. Namba yako ya siri hatuihitaji, iwe leo au siku nyingine. Hata mhudumu utakayeongea naye baada ya muziki huu, akikuuliza namba ya siri, kata simu.

[Muziki wa adungu, sekunde 30]

Kama unasikia sehemu hii, umesubiri zaidi ya dakika tano. Asante, na tunasikitika. Ili mazungumzo yawe mafupi, weka karibu kitambulisho chako cha taifa, kile chenye namba ya NIN. Ndugu zetu wa Nakivale na makambi mengine, kadi ya mkimbizi au ile barua ya familia kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu inatosha. Mgeni, pasipoti.

Aliyeibiwa simu tutamfungia laini papo hapo kwa maneno. Ila kupata laini mpya yenye namba ile ile lazima uje dukani mwenyewe na kitambulisho. Usimtume mtoto wala jirani. Kama una boksi la simu, njoo nalo, tarakimu 15 za IMEI zimeandikwa pembeni, na polisi watazihitaji. Ambaye bado ana simu yake, abonyeze *#06# aziandike mahali.

[Muziki, sekunde 15]

Ukichoka kusubiri, bonyeza 1. Nafasi yako kwenye foleni itabaki, nasi tutakupigia wenyewe kabla ya saa mbili usiku, kwa namba hii hii uliyoipiga. Usipopokea mara ya kwanza tutajaribu tena baada ya nusu saa. Ukitaka kurudia maelezo ya pesa, bonyeza 2. Ukitaka Luganda, bonyeza 3. Runyankole, bonyeza 4, ingawa foleni ya huko leo ni ndefu kuliko hii.

[Muziki unaendelea, rudi sehemu ya pesa kila baada ya dakika tatu. Mhudumu anapopokea, mlio mara mbili, kisha:]

Asante kwa kusubiri. Unaunganishwa na mhudumu sasa. Anza na namba yenye tatizo, halafu mweleze yaliyotokea.