Dada, nisamehe kwa kimya, na harusini siji

Asalam aleikum dadangu. Najua ukiliona jina langu utasema leo jua limetoka wapi. Voisi yako ya kunialika harusi ya mwanetu ina wiki 5 sasa, niliisikiliza siku ile ile mikono imejaa unga wa mahamri, simu nimeiweka juu ya friji, na ulivyopiga kigelegele pale mwisho nikacheka peke yangu jikoni nikasema usiku ntamjibu kwa utulivu. Usiku haukufika mpaka leo.

Sitaki kusingizia mama. Mama ameteleza bafuni akavunjika nyonga siku 9 baada ya voisi yako, hizo siku 9 zote nlikua mzima na bando ninayo, ni uzembe wangu tu. Halafu ndo aibu ikaingia, kila nikifungua Wasapu naona tiki zangu za buluu nafunga tena, na wewe huku unahesabu vyumba na sahani hujui kama nipo ama sipo. Hapo nimekukosea dada, na ulivyo hukuniuliza hata mara moja ndo imenichoma zaidi. Naomba radhi kutoka moyoni.

Sasa nikwambie wazi usikae ukinitarajia: siji. Si kesha, si siku ya kumtoa bibi harusi nje. Mama anageuzwa kila baada ya masaa mawili, usiku na mchana, na hakubali mtu mwengine amshike ila mimi (muuguzi wa kuja nyumbani tulimpata, akamfukuza siku ya pili, wamjua shangazi yako). Kutoka Malindi hadi Mokowe kwa basi halafu boti, nilale, nirudi, hata nikikimbia ni siku mbili, sina wa kumuachia. Nlikua najidanganya labda kakangu atakuja kushika zamu, hiyo ndo ilonifanya nisiseme la mapema. Hatakuja.

Kwa hivyo kile kitanda cha ghorofani mpe mgeni mwengine, wale wa Pate najua ni wengi. Leso ya sare ulonikatia mpe yeyote ambaye amekosa, pesa yake 1,500 nimetuma kwa Empesa sasa hivi, tafadhali usinirudishie maana ulishaitoa mfukoni mwako.

Na huyo bibi harusi mwambie mamake mdogo wa Malindi ampenda, ntampigia mwenyewe Jumapili akiwa hana watu.

Mama kasema vileja lazima vifike, ananielekeza toka kitandani kama jenerali, samli haitoshi, iliki haitoshi. Mkebe utatoka hapa Jumatano na basi la asubuhi, mtume kijana aupokee Mokowe kabla hawajaufungua, nimeufunga kwa mtandio wa kijani.