Shilingi ya Kenya yashuka, dola yapita 160

Nairobi, Januari 2024. Dola moja sasa inauzwa kwa zaidi ya shilingi 160. Mwaka mmoja uliopita ilikuwa takriban 123. Soko lina hofu kuhusu deni la Yurobondi, mkopo wa serikali kutoka kwa wawekezaji wa kigeni, la dola bilioni 2 linalopaswa kulipwa Juni.

Mwagizaji wa vipuri vya dola 20,000 aliyelipa shilingi 2,460,000 sasa anahitaji 3,200,000, na ushuru wa forodha, unaokokotolewa kwa shilingi, nao unapanda. Mzazi mwenye mtoto chuoni ng'ambo ana mzigo mzito zaidi: karo ya dola 5,000 imeongezeka kwa shilingi 185,000, ilhali mshahara wake haujasogea.

Anayetumiwa dola 200 hupokea 32,000 badala ya 24,600, ingawa mafuta na ngano ghali huila nyongeza hiyo.