Mtahiniwa 0038

Lakiri ya bahasha ilikatwa saa 1:50 asubuhi, watahiniwa wawili wakiwa wameitwa mbele kushuhudia kwamba haijaguswa. Hamisi Nangoma ndiye aliyeshika mkasi. Mwalimu wa fizikia, ajira mpya, kaletwa kutoka shule ya kata iliyo ng'ambo ya mji wa Masasi, maana msimamizi hasimamii wanafunzi wake. Jana yake walikuwa kwenye semina kutwa nzima, na kati ya yote yaliyosemwa, lililomkaa kichwani ni lile la mwisho, lililotoka kwa mzee mmoja aliyesimamia mitihani tangu enzi za chaki za kugawiwa: macho kwa watahiniwa, mdomo ufungwe, mikono mgongoni.

Kwa hiyo alitembea mikono ikiwa mgongoni.

Bwalo la shule lilikuwa limeondolewa meza za chakula na kupangwa viti vya mtihani, kimoja kimoja, na namba zimebandikwa kwa gundi. Bati juu, dari hakuna. Novemba ya Masasi haihitaji kuelezwa kwa aliyewahi kulala huko: korosho zinaanikwa, maembe yanadondoka, na ikifika saa tatu asubuhi bati linaanza kulialia kwa joto. Nje, askari aliyesindikiza bahasha alikuwa ameshapata kivuli cha mwembe, bunduki mapajani. Mkuu wa shule na walimu wake walikuwa mbali kabisa, upande wa maabara, kama utaratibu unavyotaka. Ndani ya bwalo walikuwa wasimamizi wawili tu, Hamisi na mwalimu Leokadia, mama wa makamo aliyevaa raba nyeusi zisizotoa mlio. Msimamizi mkuu, mzee Chitanda, alikuwa akizunguka kati ya bwalo na vyumba viwili vya madarasa.

Karatasi ya kwanza ilikuwa Siviksi. Saa 2:00 kamili kalamu zilishuka zote kwa pamoja.

Saa moja ya kwanza haikuwa na jambo. Mmoja aliomba kijitabu cha nyongeza mapema mno, akaambiwa amalize kwanza alicho nacho. Mwingine aliinua mkono kuulizia swali la nne, Leokadia akatikisa kichwa tu. Hamisi aligundua kuwa kazi ya kutofanya lolote inachosha miguu kuliko kufundisha vipindi sita.

Ilipita saa tatu na robo alipomwona binti wa dirishani, mstari wa tatu. Ameinama. Kichwa kipo chini ya usawa wa meza, mkono mmoja umeachia kalamu, mwingine hauonekani.

Kilichomjia kwanza ni kikaratasi. Semina ilikuwa imewajaza habari za vikaratasi: kwenye soksi, ndani ya kifuniko cha kalamu, kwenye upindo wa hijabu. Akazunguka kwa nyuma, taratibu, ili amkute nacho mkononi. Alipofika hatua mbili kutoka kwake akaona kwamba mkono ule usioonekana umeshika mguu wa kiti, na umeshika kwa nguvu kama mtu aliye kwenye mtumbwi. Jasho lilikuwa limelowesha hijabu nyeupe hadi mabegani. Midomo imepauka. Alipiga mwayo, kisha mwingine, kisha akaweka viganja mezani kutaka kuinuka.

"Usisimame," Hamisi alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa mtahiniwa tangu mtihani uanze, na lilimtoka kwa sauti ya darasani. Vichwa kumi viligeuka.

"Mwalimu, naona giza."

"Kaa hapohapo. Inamisha kichwa, kiweke kati ya magoti. Vuta pumzi."

Aliinamisha. Lakini mwili ulikuwa umeshaamua. Bega la kushoto lililegea kwanza, kiti kikasogea, naye akateleza upande wa ukutani. Mikono iliyokuwa mgongoni ikamdaka kwenye mabega kabla kichwa hakijafika sakafuni. Hamisi alimlaza chali kwenye saruji, akasukuma kiti, kisha akafanya vitu viwili ambavyo baadaye mzee Chitanda angemuuliza kimoja baada ya kingine: aligeuza karatasi ya maswali na kijitabu cha majibu vifudifudi, na akainua mkono juu bila kuita jina la mtu.

Leokadia alikuwa ameshaanza kuja. Hakukimbia. Kwenye bwalo la mtihani, mtu mzima akikimbia, bwalo zima linasimama.

"Miguu," alisema akipiga goti. "Nipe kile kiti." Wakaiinua miguu ya binti juu ya kiti kilicholazwa. "Sasa simama pale mbele, mwalimu, uwaangalie wenzake. Huyu niachie, nimfungue hijabu."

Hamisi akaenda mbele. Aliona vizuri kwa nini ametumwa. Mvulana wa mstari wa pili alikuwa ameshanyanyuka nusu, shingo imemrefuka kuelekea kwa jirani. Wasichana wawili walikuwa wanalia kimyakimya, kalamu zimelala. Na kutoka nyuma, upande asioweza kuuona mdomo ulikotoka, mtu alinong'ona, "Mimba hiyo."

Kicheko kidogo kikapita, kikazimika.

Kama angekuwa darasani kwake, angemtafuta aliyesema mpaka ampate. Hapa alikuwa na sentensi mbili tu alizoruhusiwa, akazitumia. "Endeleeni na mtihani. Kila mtu aangalie karatasi yake." Akamkazia macho mvulana wa mstari wa pili hadi akaketi.

Haikufika hata dakika moja. Binti alifumbua macho, akatazama bati, akamtazama Leokadia, na kitu cha kwanza alichotafuta ni meza.

"Karatasi yangu."

"Ipo. Hakuna aliyeigusa isipokuwa kuifunika. Lala kwanza."

"Mtanifutia?"

"Nani akufutie kwa kuanguka? Lala, mwanangu."

Mzee Chitanda aliingia akiwa na daftari lake. Alitazama saa ya ukutani kabla ya kumtazama mgonjwa, akaandika 3:22, ndipo akauliza. Yule mzee kila alichogusa kilianza na saa. Baada ya dakika chache waliona anaweza kuketi, wakamketisha, wakangoja, kisha Leokadia akamshika mkono wakatoka naye barazani, upande wenye upepo. Mzee Chitanda alikuwa ameshamtuma kijana wa jikoni kwenda kumwita matroni wa hosteli, na kumwambia dereva wa gari la wasimamizi asiondoke, ikiwa itabidi kwenda zahanati.

Mlango wa bwalo ulikuwa wazi, na Hamisi, aliyesimama karibu nao huku macho yake yakiwa ndani, aliyasikia yote.

"Una pumu? Kifafa? Sikoseli?"

"Hapana."

"Sukari?"

"Hapana, mwalimu."

"Umeshawahi kuanguka hivi?"

"Hapana."

"Kichwa kimegonga popote? Tumbo linauma? Unatokwa na damu?" Leokadia aliuliza bila kupamba, kama mama anavyomuuliza mwanawe, na binti akakataa yote. "Basi umekula nini leo?"

Kimya.

"Jana usiku?"

"Ugali kidogo. Nilikuwa nasoma."

"Na asubuhi? Hosteli hawakupika uji?"

"Walipika."

Leokadia alimsogezea kikombe cha maji. Hamisi aligeuza shingo kidogo tu, akaona midomo imekazwa na kichwa kimegeukia pembeni. Leokadia akajaribu tena. Binti akakisukuma kikombe kwa adabu, kwa mikono miwili.

"Mbona unanisumbua, mtoto? Maji tu haya."

Jumatatu. Hamisi alikuwa amelelewa na bibi aliyefunga kila Jumatatu na Alhamisi. Alimwashiria mzee Chitanda amshikie lango la bwalo, naye mzee akaingia kusimama mahali pake. Hamisi akatoka hatua tatu.

"Binti, umefunga?"

Alimtazama kwa mara ya kwanza usoni. Kisha akatikisa kichwa kukubali.

"Bibi alisema nifunge siku ya karatasi ya kwanza. Ni nadhiri?"

"Wewe ndiye unajua. Uliweka nadhiri mwenyewe, ukatamka?"

"Hapana. Bibi alisema tu nifunge, nitafaulu."

"Basi ni sunna. Aliyefunga sunna anaweza kufungua hata bila ugonjwa. Na wewe ni mgonjwa. Hata ingekuwa Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa." Alisema polepole, akijua kwamba anayemsikiliza hamfahamu na hana sababu ya kumwamini zaidi ya bibi yake. "Unaitwa Hamisi mimi. Nimesoma madrasa hapahapa Mkuti."

Leokadia, mwenye rozari mkononi, alipiga kite cha kucheka. "Unaitwa Hamisi mimi! Na wewe unahitaji chai. Mtoto, umesikia? Shekhe wa fizikia ameruhusu. Kunywa."

Alisema bismillahi, akanywa. Maji kwanza, mafunda madogo. Matroni alipofika amehema, kijana wa jikoni alikuwa ameshaleta chai ya wasimamizi, sukari imezidishwa, na andazi moja. Matroni akataka kuanza kugomba kuhusu uji; Leokadia akamnyamazisha kwa kidole. Hapakutajwa swali lolote la mtihani pale barazani, na Leokadia alihakikisha matroni naye hataji, wala hakai peke yake na binti.

Rangi ilirudi midomoni. Akasimama, akatembea mpaka nguzo na kurudi bila kushikwa.

"Unaweza kuendelea, au twende zahanati?" mzee Chitanda aliuliza. "Useme ukweli. Mtihani upo na afya ipo."

"Naweza."

"Ukisikia giza tena, inua mkono. Usingoje." Akaandika 3:41. "Muda wa kukuongezea si wangu kutoa. Nitaandika kilichotokea, na saa zake. Kaa, jibu."

Alirudi kwenye kiti chake, akaigeuza karatasi yake mwenyewe. Kiti kilikuwa kimehamishwa hatua moja kutoka penye jua la dirisha, mbele ya macho ya watahiniwa wote, na namba yake ikahamia nacho. Aliyenong'ona nyuma hakujulikana. Ila alipoingia binti na ukoko wa andazi kwenye kona ya mdomo, wengi waliona, na Hamisi aliwaacha waone.

Saa 5:00 kalamu zikawekwa chini. Vijitabu vikahesabiwa mara mbili, vikalingana na mahudhurio, bahasha ikafungwa. Ndipo mzee Chitanda alipomkalisha Hamisi.

"Kwa nini ulifunika karatasi?"

"Ili jirani asisome, na ili asije akasema tumemjibia."

"Kwa nini hukuita jina?"

"Sikutaka bwalo lisimame."

"Uliyaambiwa hayo kwenye semina?"

"Hapana, mzee."

"Ndiyo maana nauliza." Akaandika mistari minne, akaisoma kwa sauti, wote watatu wakasaini. Chini kabisa Leokadia alitaka liongezwe neno kwamba mtahiniwa alikuwa na swaumu, ili anayesoma asijaze pengo kwa uvumi. Likaongezwa.

Binti alikuwa akingoja chini ya mwembe, mbali kidogo na askari, pamoja na matroni.

"Mwalimu. Ile niliyoifungua, nitailipa?"

"Ya sunna si lazima kuilipa. Ukitaka, ilipe mitihani ikiisha."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi una karatasi?"

"Asubuhi na mchana."

"Basi Alhamisi kanywe uji. Bibi mwambie nimesema mimi."

"Niseme nani?"

Leokadia alijibu kabla yake. "Shekhe wa fizikia. Haya, nenda kale, mchana kuna karatasi nyingine."