Kila fanksheni ya mwelekeo mmoja ina intigrali: uthibitisho

Chukua fanksheni f kwenye kipande [a, b], isiyoshuka: x ≤ y ikiwa ndani ya kipande, basi f(x) ≤ f(y). Hatudai kwamba inaendelea bila kukatika. Inaweza kuruka hata mara zisizo na ukomo, na hapo ndipo penye uzito wa nadharia hii.

Kwa kuwa f(a) ≤ f(x) ≤ f(b), f ina mipaka, kwa hiyo jumla za juu na za chini zipo. Gawa [a, b] katika vipande n vilivyo sawa, kila kimoja kikiwa na upana h = (b − a)/n, na ncha x₀ = a, x₁, …, xₙ = b.

Tazama kipande kimoja, [xₖ₋₁, xₖ]. Kwa fanksheni yoyote ile tungelazimika kutafuta thamani yake ndogo na kubwa humo, na huenda hata isizifikie. Hapa hatutafuti kitu: ndogo iko kwenye ncha ya kushoto, kubwa iko kwenye ncha ya kulia. Hivyo

L = h[f(x₀) + f(x₁) + … + f(xₙ₋₁)]
U = h[f(x₁) + f(x₂) + … + f(xₙ)]

Toa ya chini kutoka ya juu. Kila f(x₁) hadi f(xₙ₋₁) imo katika jumla zote mbili, kwa hiyo inajifuta, na kinachosalia ni

U − L = h[f(b) − f(a)] = (b − a)[f(b) − f(a)]/n.

Kwenye mchoro, mistatili midogo ya tofauti inasukumwa pembeni na kupangana kama matofali kuwa nguzo moja yenye upana h na kimo f(b) − f(a). Newton alilionyesha hili mwaka 1687.

Sasa chukua ε > 0 yoyote, kisha n kubwa kiasi kwamba U − L < ε. Jumla ya chini haizidi kamwe jumla ya juu, hata ya mgawanyo mwingine (unganisha ncha za migawanyo yote miwili uone). Basi intigrali ya chini A na ya juu B zinatii

L ≤ A ≤ B ≤ U,

hivyo 0 ≤ B − A < ε. Kwa kuwa ε ni yoyote, A = B, na f ina intigrali. Ikiwa f haipandi, tumia −f. ∎

Jaribu kwenye [0, 1]: f(0) = 0, na f(x) = 1/n pale 1/(n+1) < x ≤ 1/n. Inaruka kwenye 1/2, 1/3, 1/4 na kuendelea bila mwisho, ikijazana karibu na sifuri. Hata hivyo, kwa vipande 1000 pengo U − L ni 0.001 kamili. Eneo lenyewe ni jumla ya 1/(n²(n+1)) kwa n zote, yaani π²/6 − 1, takriban 0.645.