MKATABA WA AKAUNTI YA KAMPUNI KATI YA HOTELI YA MKUYU MPANA NA KAMPUNI YA MFEREJI MPYA UHANDISI

Mkataba huu umefanyika Dodoma leo tarehe 15 Juni 2026, kati ya Hoteli ya Mkuyu Mpana iliyopo Area D, Dodoma (hapa chini "Hoteli"), na Kampuni ya Mfereji Mpya Uhandisi yenye ofisi kuu Mikocheni, Dar es Salaam (hapa chini "Kampuni").

Kwa kuwa mafundi na wahandisi wa Kampuni hufika Dodoma karibu kila wiki kwa kazi za miradi ya maji na vikao vya wizara katika Mji wa Serikali Mtumba. Na kwa kuwa hadi sasa vyumba vimekuwa vikishikwa kwa simu tu, jambo lililozaa ankara zenye majina ambayo Kampuni haikuyatuma na madeni ambayo Hoteli haikujua imdai nani. Pande zote mbili zinakubaliana kama ifuatavyo.

1. MUDA

Mkataba utaanza tarehe 1 Julai 2026 na kumalizika tarehe 30 Juni 2027. Hautajiongeza wenyewe. Pande mbili zitakutana kabla ya mwisho wa Aprili 2027 kuzungumzia bei za mwaka unaofuata.

2. BEI ZA MAKUBALIANO

2.1 Bei zifuatazo ni za chumba kwa usiku mmoja. Ndani yake mna kifungua kinywa, intaneti, maegesho na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18:

Chumba cha kawaida, mtu mmoja: shilingi 118,000.
Chumba cha kawaida, watu wawili: shilingi 147,500.
Suti: shilingi 236,000.

2.2 Kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 30 Juni 2027, Bunge la Bajeti linapokuwa Dodoma na vyumba vya mji mzima vikigombaniwa, chumba cha mtu mmoja kitakuwa shilingi 135,700 na cha watu wawili shilingi 165,200. Suti haitapanda. Katika miezi hiyo mitatu Hoteli itaitengea Kampuni vyumba 6 vya kawaida kila usiku. Chumba ambacho Kampuni haijakithibitisha siku 14 kabla ya usiku husika kitarudi mikononi mwa Hoteli, na hakuna upande utakaoudai mwingine kwa hilo. Hoteli haitamwambia mgeni wa Kampuni kwamba "tumejaa" wakati vyumba hivyo 6 bado vipo ndani ya muda wake.

2.3 Ukumbi wa mikutano, pamoja na chai mara mbili, chakula cha mchana, maji na projekta, ni shilingi 53,100 kwa mtu kwa siku nzima. Kwa nusu siku, yenye chai moja na chakula cha mchana, ni shilingi 35,400. Idadi ya chini ni watu 10.

2.4 Bei zote ni za shilingi ya Tanzania na hazitafungwa kwenye thamani ya dola. Zitabaki hivyo kwa muda wote wa Mkataba, isipokuwa Serikali ikibadilisha kiwango cha kodi. Hapo kitabadilika kiasi cha kodi peke yake.

2.5 Kampuni inakadiria kutumia usiku 400 kwa mwaka. Hilo ni kadirio, si ahadi, na Hoteli haitadai fidia usiku ukipungua. Kampuni ikivuka usiku 500, kila usiku unaofuata utapata punguzo la asilimia 5 juu ya bei za kipengele hiki, na punguzo hilo litaonekana kwenye ankara ya mwezi huohuo.

3. KUSHIKA NAFASI

3.1 Nafasi itashikwa kwa oda ya manunuzi ya Kampuni, iliyosainiwa na Ofisa Manunuzi au Meneja Utawala na kutumwa kwa barua pepe. Oda itataja jina la mgeni kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, tarehe za kuingia na kutoka, aina ya chumba, namba ya mradi, na huduma ambazo Kampuni itazilipia. Hoteli itajibu ndani ya saa 4 za kazi.

3.2 Mgeni akifika bila oda atapokelewa kwa bei ya Mkataba, lakini atalipa mwenyewe papo hapo. Ofisa wa mapokezi hana mamlaka ya kumwandikia deni Kampuni kwa maelezo ya mdomo, hata kama anamfahamu mgeni huyo kwa miaka.

3.3 Chumba kitakuwa tayari saa nane mchana na kitaachwa saa nne asubuhi. Wafanyakazi wengi wa Kampuni husafiri kwa treni ya mwendokasi kutoka Dar es Salaam na hufika usiku. Kwa hiyo chumba chenye oda kitashikiliwa usiku kucha, hakitauzwa kwa sababu ya kuchelewa. Gari la Hoteli litawapokea stesheni bila malipo, mradi oda imetaja treni wanayopanda.

3.4 Kughairi hakutakuwa na gharama iwapo taarifa itafika kabla ya saa kumi na mbili jioni ya siku iliyotangulia. Taarifa ikichelewa, au mgeni asipotokea kabisa, Kampuni italipa usiku mmoja tu. Kati ya Aprili na Juni, taarifa itolewe siku 3 kabla.

4. NANI ANALIPA NINI

4.1 Kampuni italipia chumba, na chakula cha jioni kisichozidi shilingi 29,500 kwa mtu kwa usiku. Oda ikisema "chumba tu", chakula cha jioni ni cha mgeni.

4.2 Vileo, sigara, vitu vya friji ya chumbani, dobi, wageni wa mgeni na uharibifu wa mali vitalipwa na mgeni mwenyewe kabla ya kukabidhi ufunguo. Mapokezi yatafungua akaunti mbili kwa kila mgeni tangu anapoingia, moja ya Kampuni na moja yake binafsi, ili asubuhi ya kuondoka pasiwe na ubishi mbele ya kaunta. Hoteli ikimwacha mgeni aondoke bila kulipa deni lake binafsi, deni hilo haliwezi kuhamishiwa kwa Kampuni.

4.3 Mfanyakazi wa mgahawa atampa mgeni hati ya chakula aisaini siku hiyohiyo. Hati isiyo na saini ya mgeni hailipwi.

5. MKOPO

5.1 Hoteli inaipa Kampuni ukomo wa deni wa shilingi 15,000,000. Kiasi hicho kimepimwa kwa matumizi halisi: mwezi wa kawaida wenye usiku 40 wa mtu mmoja ni shilingi 4,720,000, na chakula cha jioni mara 30 ni shilingi 885,000, jumla shilingi 5,605,000. Ukomo unatosha miezi miwili ya namna hiyo na semina moja ndogo juu yake.

5.2 Kabla ya tarehe 1 Julai 2026 Kampuni itaweka amana ya shilingi 3,000,000. Amana haizai riba. Itarudishwa ndani ya siku 14 baada ya Mkataba kwisha na deni kufungwa.

5.3 Deni likifika shilingi 12,000,000, mhasibu wa Hoteli ataiarifu idara ya fedha ya Kampuni kwa maandishi. Oda itakayovusha ukomo itahitaji malipo ya awali ya kiasi kilichozidi. Kuongeza ukomo ni uamuzi wa Meneja Mkuu wa Hoteli peke yake, kwa maandishi.

6. ANKARA NA MALIPO

6.1 Hoteli itatuma ankara moja kwa kila mwezi, si zaidi ya tarehe 5 ya mwezi unaofuata. Semina itakuwa na ankara yake, itakayotumwa ndani ya siku 3 baada ya kumalizika.

6.2 Ankara kamili ni ile iliyoambatana na nakala za oda, orodha ya wageni na tarehe zao, hati za chakula zilizosainiwa, na risiti ya kielektroniki ya kodi yenye jina na namba ya mlipakodi ya Kampuni. Risiti iliyotolewa kwa jina la mgeni haitumiki katika hesabu za kodi za Kampuni na itabadilishwa na Hoteli kwa gharama zake. Kila mstari wa ankara utaonyesha namba ya mradi, kwa kuwa Kampuni huwadai wateja wake kwa kila mradi na haiwezi kuligawa fungu lisilojulikana.

6.3 Kampuni italipa ndani ya siku 30 tangu kupokea ankara kamili. Karatasi moja ikikosekana, siku hazianzi kuhesabiwa. Lakini Kampuni inapaswa kusema kilichokosekana ndani ya siku 5 za kazi. Ikikaa kimya, ankara itahesabiwa kuwa ilikamilika siku ilipopokelewa.

6.4 Kampuni ikipinga sehemu ya ankara, itaandika sababu ndani ya siku 10 na kulipa sehemu isiyobishaniwa kwa wakati wake. Usiku mmoja wenye utata usizuie malipo ya usiku 39 usio na utata.

6.5 Malipo yatafanywa kwa benki, kwenye akaunti iliyotajwa katika Kiambatisho A kilichosainiwa pamoja na Mkataba huu. Akaunti haitabadilishwa kwa barua pepe. Badiliko litakubaliwa kwa barua halisi yenye saini ya Meneja Mkuu na muhuri, baada ya Kampuni kupiga simu Hotelini kwa namba iliyomo kwenye kiambatisho hicho na kupata uthibitisho. Fedha itakayotumwa kwenye akaunti nyingine bila hatua hizo itakuwa hasara ya Kampuni.

6.6 Endapo sheria itaitaka Kampuni kukata kodi ya zuio, itaikabidhi Hoteli cheti cha makato hayo pamoja na taarifa ya malipo.

7. KUCHELEWA KULIPA

Deni likipita siku 30, Hoteli itatoa taarifa ya siku 7. Baada ya hapo itatoza asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya kiasi kilichochelewa. Likifika siku 45 tangu ankara kamili, Hoteli inaweza kusimamisha oda mpya na kukata deni kwenye amana. Mgeni aliyekwisha kuingia hatatolewa chumbani, hatazuiliwa mizigo yake, wala hataulizwa habari za deni la mwajiri wake. Hoteli inalikubali sharti hili bila masharti.

8. HOTELI IKISHINDWA KUTOA CHUMBA

Hoteli isipokuwa na chumba kilichothibitishwa, itamtafutia mgeni hoteli ya hadhi ileile au zaidi ndani ya Dodoma, itabeba tofauti ya bei na itamsafirisha kwenda na kurudi. Kampuni itadaiwa bei ya Mkataba tu.

9. TAARIFA ZA WAGENI NA SIRI YA BEI

Hoteli itatumia taarifa za wageni kwa malazi na ankara pekee, kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kampuni haitapewa taarifa za akaunti binafsi ya mgeni. Bei za Mkataba huu hazitaonyeshwa kwa wateja wengine.

10. KUVUNJA MKATABA NA MIGOGORO

Upande wowote unaweza kuvunja Mkataba kwa taarifa ya maandishi ya siku 30. Oda zilizothibitishwa zitaheshimiwa. Mgogoro utazungumzwa kwanza kati ya Meneja Mkuu wa Hoteli na Mkurugenzi wa Fedha wa Kampuni kwa siku 21, kisha utapelekwa katika mahakama yenye mamlaka Dodoma. Mkataba unaongozwa na sheria za Tanzania, ikiwemo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Marekebisho yote yatakuwa ya maandishi na yatasainiwa na pande zote mbili.

Mkataba umetolewa nakala mbili zenye nguvu sawa, kila upande ukibaki na moja.

UMESAINIWA NA KUPIGWA MUHURI Dodoma, tarehe 15 Juni 2026:

Kwa niaba ya Hoteli ya Mkuyu Mpana: Meneja Mkuu, mbele ya shahidi, Mhasibu Mkuu wa Hoteli.

Kwa niaba ya Kampuni ya Mfereji Mpya Uhandisi: Mkurugenzi wa Fedha, mbele ya shahidi, Meneja Utawala wa Kampuni.